Mashine ya kulisha paka ya skrubu: maswali ninayoulizwa kila siku

Tangu nitengeneze hii kitu, yaani ndoo ya chakula na chini yake skrubu ndefu yenye mabawa inayozunguka ndani ya bomba na kusukuma chakula hadi kwenye bakuli, watu wananiuliza yale yale, sa nimeona niyaweke sehemu moja nipumzike. Yangu iko Dar, inamlisha paka mmoja anaitwa Kachumbari, ana kilo 3.8, anakula chakula kikavu cha punje za kama milimita 8 hivi. Bodi ni Arduino Nano, mota ya volti 12 yenye gia, na betri ya volti 12. Kama una mbwa mkubwa saizi zitabadilika ila mambo ni yale yale.

Kwanini skrubu, si uweke tu kamlango kanafunguka chakula kinadondoka?

Nilianza na kamlango. Tatizo punje moja ikibanwa pale mlango unapofunga basi mlango haufungi, na kisichofungwa kinaendelea kumwaga, nikakuta robo kilo sakafuni na paka amelala pembeni tumbo juu. Skrubu ikisimama chakula kinasimama. Yaani ikiharibika, mara nyingi inaharibika kwa kutotoa, sio kwa kumwaga chote. Na hicho kutotoa ndo kimenitesa, nitakifikia hapo chini.

Hiyo skrubu yenyewe naitoa wapi na iwe na ukubwa gani?

Mimi nimeprinti kwa printa ya 3D, inakaa ndani ya bomba la PVC la inchi 2. Wengine wanakunja waya mgumu uwe kama springi ndefu isiyo na mti katikati, nayo inafanya kazi vizuri tu, tena haikwami sana kwasababu waya unanesa kidogo. Ile ya mashine ya kusagia nyama achana nayo, mabawa yake yamekaribiana mno, itakusagia chakula cha paka kiwe unga.

Vitu viwili tu vya kuangalia. Nafasi kati ya bawa na bawa iwe angalau mara 3 ya punje, kwa hiyo punje ya milimita 8 mi nimeweka 28. Afu nafasi kati ya ukingo wa bawa na ukuta wa bomba iwe ndogo kabisa, milimita 1 hadi 1 na nusu, hapo unapita unga tu. Ukiacha 4 au 5 ndo umejitafutia, maana punje iliyovunjika nusu inaingia pale kama kabari na haitoki.

Ila sehemu inayokwamisha kuliko zote sio hiyo. Ni pale ndoo inapoishia na bomba linapoanza, kwenye ule mdomo ambao chakula kinadondokea kwenye skrubu. Bawa likipita pale na punje imekaa nusu ndani nusu nje, bawa na mdomo wa bomba vinakuwa kama mkasi. Ukisikia "kra!" halafu mota inaguna, ni hapo. Nilichofanya nimekata ule ukingo wa mbele kwa mshazari badala ya kuuacha wima, afu nikabandika kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kininginie pale, punje ikibanwa mpira unajikunja inapita. Kukwama kulipungua kutoka karibu kila siku hadi mara moja moja kwa mwezi, kipande cha tyubu ambacho fundi baiskeli alikuwa anakitupa.

Bomba lipandishe kidogo upande wa kutokea, nyuzi 10 hadi 15. Likilala bapa au likishuka, paka akiisukuma mashine kwa kichwa zinadondoka punje za bure, na atajua hilo siku ya kwanza.

Mota gani? Nina ya kioo cha gari, itafaa?

Itafaa kwa nguvu, ila ina nguvu hadi imezidi, ikikwama inavunja skrubu kabla hujajua kuna tatizo. Mi natumia mota ndogo ya volti 12 yenye gia boksi, mizunguko 30 kwa dakika. Haraka zaidi ya hapo inavunja punje na inatisha paka.

Cha lazima ni kwamba izunguke pande zote mbili, kwahiyo transista moja au rilei moja haitoshi, unahitaji bodi ya kuendeshea mota. L298N ipo kila duka ila inakula karibu volti 2 njiani, mota inabaki na kama 10. BTS7960 ni likubwa kupita mahitaji lakini halipotezi hivo, ndo ninalo. Weka na fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa betri tafadhali, betri ya risasi ikipigwa shoti haina utani.

Nipime chakula kwa sekunde au kwa mizunguko?

Kwa mizunguko. Najua kila video inaonyesha sekunde kwasababu ni rahisi, unawasha mota sekunde 6 unazima basi. Lakini angalia hesabu ya kwangu. Sekunde 6 kwa volti 12 ni mizunguko 3, sawa. Umeme ukiwepo chaja inapandisha betri hadi volti 13.6, mota inakimbia zaidi, sekunde zile zile 6 zinakuwa mizunguko 3.4. Umeme ukikatika usiku kucha betri inashuka 11.5, unapata 2.9. Kwa skrubu yangu hiyo ni tofauti ya gramu 3 kwa mlo, na milo ni mitatu, kwahiyo kati ya siku yenye umeme na siku ya giza paka anapishana karibu gramu 10 wakati chakula chake cha siku ni 55. Sio kidogo kwa mnyama wa kilo 4.

Nimebandika sumaku 4 ndogo kwenye kisahani nyuma ya skrubu na sensa ya sumaku ya A3144 pembeni. Kila robo mzunguko inapiga moja. Programu inahesabu 12 inazima. Betri iwe na volti ngapi sijali.

Na hakikisha kisahani kiko kwenye skrubu, sio kwenye mota! Kale kaskrubu kadogo ka kubana kaplingi inayounganisha mota na skrubu kakilegea, mota inazunguka yenyewe kwa raha zake na skrubu imelala.

Sasa nitajuaje mzunguko mmoja ni gramu ngapi?

Mizani ya jikoni ya kidijitali. Jaza ndoo nusu, zungusha kwanza mara 5 bila kupima ili bomba lijae, afu zungusha 10, pima, rudia mara 5. Yangu ilitoa 58, 63, 61, 64 na 59. Jumla 305, gawa kwa 5 ni 61, kwahiyo mzunguko mmoja ni gramu 6.1. Mfuko wa chakula unasema gramu 55 kwa siku kwa uzito wake, milo mitatu ni 18 na kidogo, kwahiyo mizunguko 3.

Usishangae ukipima mlo mmoja mmoja ukakuta mara 15 mara 21. Skrubu inadondosha kwa mafungu, bawa likifika mwisho ndo fungu linaanguka, kwahiyo mlo huu unaweza kuchukua fungu la mlo ujao. Kwa siku nzima inajisawazisha. Ukibadilisha aina ya chakula pima upya, hata kampuni ile ile ladha tofauti punje zinakuwa na umbo lingine.

Paka wangu analishwa saa saba usiku, nimekosea wapi?

Haha. Umeandika saa 1 ukimaanisha saa moja asubuhi. Usicheke na mimi nilifanya hivo hivo, niliandika 1 na 7 nikashangaa kusikia mota inaunguruma usiku wa manane. Saa ya kwenye bodi inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwahiyo saa 1 asubuhi ni 7, saa 7 mchana ni 13, saa 1 jioni ni 19.

Umeme ukikatika saa haipotei?

Ukitegemea saa ya Arduino yenyewe inapotea. Weka moduli ya saa ya DS3231, ina betri yake ya kidonge na inapotea kama dakika moja hivi kwa mwaka. DS1307 ni ya bei nafuu ila joto linaiyumbisha.

Kuna mtego kwenye zile moduli za bluu za DS3231 zilizoandikwa ZS-042. Zina saketi ya kuchaji kidonge, ambayo imekusudiwa LIR2032 inayochajika, lakini watu wengi wanaweka CR2032 ya kawaida ambayo haitakiwi kuchajiwa, inaweza kuvimba na kuvuja. Ng'oa diodi ndogo au rezista iliyo kwenye njia ya kuchaji, chuma cha kulehemu kikishapata moto ni kazi ya nusu dakika.

Halafu hifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika, mlo wa mwisho uliotolewa, tarehe na saa. Bila hivo umeme ukicheza saa 1 na dakika 0, bodi ikizima na kuwaka ndani ya dakika ile ile, itamlisha mara mbili. Hifadhi kabla mota haijaanza, sio baada.

Sensa ya kukwama inajuaje kwamba imekwama?

Mota ikizuiwa inavuta umeme mwingi. Yangu ikizunguka tupu inavuta ampea 0.2, ikiwa na chakula 0.4 hadi 0.5, nikiishika skrubu kwa mkono isizunguke inapanda hadi 2.1. Pima ya kwako kwa malti mita usikopi namba zangu. Kikomo nimekiweka 1.0, yaani kama mara mbili ya kazi ya kawaida.

Natumia sensa ya kupima ampea ya ACS712 ya ampea 5, kila ampea moja inabadilisha volti 0.185. Ina kelele, ukisoma mara moja inakudanganya, kwahiyo soma mara 50 uchukue wastani:

```cpp
float somaAmpea() {
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 50; i++) jumla += analogRead(A0);
  float volti = jumla / 50.0 * 5.0 / 1023.0;
  return fabs(volti - sifuri) / 0.185;
}
```

Hiyo `sifuri` ni volti inayosomeka mota ikiwa imezimwa, karibu 2.5, ipime upya kila kabla ya mlo.

Kosa la kila mtu ni kuweka kikomo tu basi, mashine inapiga kelele kila ikiwaka. Mota ikianza inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi sana, hiyo sio kukwama. Kwahiyo milisekunde 300 za mwanzo usiangalie, na baada ya hapo isubiri kikomo kipitwe mara 10 mfululizo:

```cpp
if (millis() - mwanzo > 300 && somaAmpea() > 1.0) {
  if (++mara >= 10) imekwama = true;
} else {
  mara = 0;
}
delay(20);
```

Hapo ni kama robo sekunde ya kung'ang'ana. Punje ikivunjika ikapita, kihesabio kinarudi sifuri na maisha yanaendelea.

Ikishagundua imekwama ifanye nini?

Isimame, ipumzike nusu sekunde, irudi nyuma nusu mzunguko, ipumzike tena, iende mbele. Kile kipumziko usikiruke, ukigeuza mota ghafla ikiwa bado inazunguka unaipiga gia boksi. Ijaribu hivo mara 3 tu. Ya nne hakuna, izime na ipige king'ora, kwasababu kilichokataa mara tatu mara nyingi ni kitu kisichotakiwa kuwemo humo. Yangu siku moja ilikuwa kifuniko cha chupa ya soda, sijui kiliingiaje kwenye ndoo, nina mashaka na mtoto fulani hapa nyumbani.

Na ile nusu mzunguko ya kurudi nyuma na nusu ya kuirudishia usizihesabu kwenye mlo. Sumaku hazijui uelekeo, zitahesabu tu, utakuta umemnyima paka mzunguko mzima.

Mashine inasema iko poa, king'ora hakijalia, lakini bakuli tupu. Kivipi?

Hili ndo swali. Nilienda Tanga siku mbili nikiwa na amani kabisa, nina sensa ya kukwama nimeijaribu wiki tatu. Siku ya pili asubuhi dada jirani ananipigia, paka wako analia mlangoni tangu jana. Akafungua, ndoo ina chakula nusu, bakuli limelambwa hadi linang'aa. Nikarudi nikasoma kumbukumbu, mashine imeandika milo mitano yote imetoka salama.

Kilichotokea ni kwamba chakula kilijenga daraja. Punje zenye mafuta, unyevu wa Dar, zikashikana zikatengeneza upinde juu ya skrubu, chini yake uwazi mtupu. Ukichungulia kwa juu unaona chakula kipo. Skrubu inazunguka hewani. Na ampea? Zimeshuka hadi 0.2! Sensa yangu ilikuwa inaangalia kupanda tu, kwake hiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Sumaku nazo zinahesabu vizuri, 12, 12, 12.

Kwahiyo ampea zinakuambia mota inahangaika, sumaku zinakuambia skrubu inazunguka, hakuna kati yao anayekuambia chakula kimetoka. Hilo linajulikana sehemu moja tu, mwisho wa bomba pale chakula kinapodondoka kwenda bakulini. Weka jicho la infraredi, taa upande huu na kipokezi upande ule, uhesabu mwanga unakatwa mara ngapi. Yangu kwa mizunguko 3 ya kawaida inakatwa mara 30 hadi 45, zingine zinapita pamoja kwahiyo sio idadi ya punje, usijisumbue kuibadilisha iwe gramu. Nimeweka kwamba ikiwa chini ya 10, mlo haujatoka.

Hapo mashine inatikisa, inaenda mbele na nyuma robo mzunguko mara 6, afu inajaribu mlo tena. Kwangu kutikisa kunabomoa daraja mara nyingi. Ikishindikana king'ora, maana labda ndoo imeisha kweli, kwa jicho hili daraja na ndoo tupu vinafanana na zote zinahitaji mtu.

Vumbi la chakula lina mafuta na linapaka hiyo taa. Kabla ya kila mlo programu isome mwanga ukiwa haujakatwa, ukiwa umefifia ilie kidogo nikafute kwa pamba. Bila hivo itafika siku inaona giza muda wote.

Daraja lisijengeke kabisa inawezekana?

Inapungua. Kuta za ndoo ziwe kali, nyuzi 60 au zaidi kutoka usawa wa sakafu, mdomo wa chini uwe mpana sawa na urefu wa sehemu ya skrubu iliyo wazi, na ndani kusiwe na ngazi wala kichwa cha nati. Ndoo yangu ya kwanza ilikuwa chupa ya maji ya lita 5 iliyogeuzwa, ile shingo yake ndo ilikuwa nguzo ya daraja.

Unyevu nao. Kifuniko chenye mpira, vile vipakti vya kunyonya unyevu vibandikwe chini ya kifuniko, visiachwe vielee ndani vikaingia kwenye skrubu. Na usijaze chakula cha mwezi, weka cha siku 4 au 5. Kila ukijaza, maliza kwanza cha zamani, skrubu ioshe ikauke kabisa, printi ya 3D ina mistari inayoshika mafuta na yanaanza kunuka.

Paka anaingiza mkono kwenye bomba, nifanyeje?

Ongeza kona ya bomba pale mwisho na mteremko wa kama sentimita 15. Jicho la infraredi liweke juu ya huo mteremko karibu na skrubu, sio karibu na bakuli. Nililiweka chini mwanzoni, Kachumbari akawa anachezesha mkono pale, mashine inahesabu "punje" 40 na yeye hajapata hata moja.

Naweza kuiacha siku ngapi?

Mi sasa naiacha usiku mmoja bila wasiwasi. Zaidi ya hapo dada jirani ana funguo, anapita mara moja kwa siku kumwekea maji, maana maji mashine hii haitoi, anaangalia bakuli na ananipigia picha ya skrini ndogo ya mashine inayoonyesha namba ya jicho kwa kila mlo. Jana ilikuwa 38, 41, 33.